Akiba Huhesabiwa kwa Miezi: Kulipima Wazo la Biashara Kabla ya Kuacha Kazi

Watu wengi wanaotaka kuacha ajira ili wajiajiri hukosea tangu ukurasa wa kwanza wa daftari. Huandika wazo la biashara juu kabisa, kisha chini yake wakaanza kutafuta ujuzi, fedha na watu wa kulitimiza. Wazo likishatangulia hivyo, kila kitu kingine huanza kulitumikia: akiba isiyotosha inageuka sababu ya kukopa, ujuzi usiokuwepo unageuka sababu ya kuajiri msaidizi, na kutofahamiana na mnunuzi hata mmoja kunapewa jina zuri la soko ambalo bado halijafikiwa. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe. Vitu vitatu ambavyo mtu tayari anavyo, yaani ujuzi, akiba na watu anaofahamiana nao kikazi, vipimwe kwanza kwa kipimo kimoja, halafu mawazo yaletwe moja moja mbele ya kipimo hicho. Kipimo ninachokipendekeza ni muda, kwa sababu kinachozifunga biashara nyingi changa ni kuishiwa fedha kabla malipo ya kutosha hayajaanza kuingia.

Akiba ndiyo rahisi kuipima kwa njia hii. Badala ya kuitaja kwa fedha, igawanywe kwa kiasi kinachoendesha nyumba kwa mwezi mmoja. Kiasi hicho kisikadiriwe kichwani, maana kichwa husahau. Kichukuliwe kutoka kwenye matumizi halisi ya miezi mitatu iliyopita, kisha kiongezwe yale ambayo mwajiri alikuwa akiyalipa bila mtu kuyaona, kama vile bima ya matibabu, mchango wa pensheni na muda wa maongezi wa simu ya kazini. Jumla hiyo nitaiita mwezi wa nyumba. Mtu anayejua kwamba ana akiba ya miezi 14 ya nyumba anajua jambo la maana kuliko yule anayejua tarakimu iliyoandikwa katika taarifa yake ya benki, kwa kuwa wa kwanza anaweza kulitazama wazo lolote na kuuliza litachukua miezi mingapi kabla halijaanza kumlisha.

Tumchukue fundi wa viyoyozi na majokofu aliyeajiriwa kwa miaka tisa katika kampuni ya matengenezo, mwenye akiba hiyo ya miezi 14. Miwili kati yake anaitenga kwa ajili ya ugonjwa au msiba, na hiyo haitaguswa na biashara kwa namna yoyote. Inabaki 12. Anayo mawazo mawili. La kwanza ni kufungua duka la viyoyozi na majokofu mapya, na la pili ni kufanya kwa jina lake mwenyewe kazi ileile ya ufundi anayoifanya sasa. Wazo la duka linavutia zaidi, wala si vigumu kuona sababu: duka lina mlango, lina bango, na mwenye duka hapandi ngazi akiwa na mtungi wa gesi begani.

Hesabu yake ni hii. Kodi ya kuanzia na matengenezo ya chumba vinakula miezi miwili ya nyumba. Bidhaa za kujaza duka, hata kwa uchache, zinakula sita. Tuseme anauza sehemu moja ya sita ya bidhaa zake kila mwezi, na kwamba anaongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia. Maana yake ni kwamba kila mwezi anauza mali iliyomgharimu mwezi mmoja wa nyumba, na faida ghafi inayobaki mkononi ni sehemu moja ya tano ya mwezi wa nyumba, kabla hajalipa kodi ya pango, umeme wa duka na usafirishaji. Ili faida hiyo peke yake imlishe, itambidi auze mali ya miezi mitano ya nyumba kila mwezi, yaani karibu duka zima litoke na kujazwa upya kila baada ya wiki tano hivi. Biashara ya namna hiyo ipo, lakini ni ya mtu mwenye mtaji mkubwa au mwenye wasambazaji wanaompa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe. Fundi wetu hana kimojawapo.

Kuna kasoro nyingine ambayo hesabu hiyo haiionyeshi waziwazi. Miaka tisa ya ufundi haifanyi kazi yoyote ndani ya duka hilo. Anayeingia kununua jokofu jipya anatazama bei, rangi na dhamana ya kiwanda, na uwezo wa muuzaji wa kutambua kompresa inayokaribia kufa haumsaidii kitu siku hiyo. Kwa hiyo duka linatumia kile alicho nacho kidogo, yaani fedha, na kuacha bila kazi kile alicho nacho kwa wingi. Nikitakiwa kutoa kanuni moja tu ya kuchuja mawazo, ningetoa hii: angalia wazo linakula nini zaidi, kisha uulize kama hicho ndicho ulichonacho zaidi.

Wazo la pili linaanza na gharama ndogo. Pampu ya kuvuta hewa, geji za kupimia shinikizo, vifaa vya kuchomelea mabomba ya shaba, mtungi wa naitrojeni na ule wa gesi ya kupozea, pamoja na vifaa vya mkononi, vyote kwa pamoja tuseme vinakula miezi miwili ya nyumba. Inabaki kumi. Hapo watu wengi hufunga daftari na kuanza kuandika barua ya kuacha kazi. Mimi ningewasihi walifungue tena, kwa sababu ujuzi na watu bado havijapimwa, na vyote viwili huonekana vikubwa kuliko vilivyo wakati mtu bado yuko kazini.

Tuanze na ujuzi. Ujuzi wa mwajiriwa ni kipande kilichokatwa kutoka katika kazi pana zaidi. Kampuni inapomtuma fundi, kuna mtu aliyekwisha kupokea simu, mwingine amekadiria bei, mwingine ameagiza kipuri, na baada ya kazi kuna mtu atakayedai malipo. Akijiajiri, vipande vyote hivyo vinamrudia. Hata kipande anachokijua vizuri kinabadilika uzito. Gesi ya kupozea haiishi kwa kutumika kama yanavyoisha mafuta ya gari. Ikipungua, imevuja mahali. Fundi mwenye haraka huongeza gesi, kiyoyozi kikapoza, mteja akafurahi, na baada ya wiki kadhaa simu ikaita tena. Njia sahihi ni kuujaza mfumo naitrojeni kwa shinikizo na kuutafuta uvujaji kwa povu la sabuni kwenye maungio, kisha kuziba, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu, kufunga vali na kuitazama geji. Sindano ikitulia, mfumo umekaza. Ikiendelea kupanda bila kukoma, bado kuna tundu. Ikipanda kidogo kisha ikasimama, mara nyingi ni unyevu uliobaki ndani. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa, ilhali kuongeza gesi ni kazi ya muda mfupi tu.

Kwa mwajiriwa, kurudi kwa mteja mara ya pili ni usumbufu. Mshahara hauguswi, gesi ni ya kampuni na gari ni la kampuni. Kwa aliyejiajiri, kila kazi inayorudi inakula siku ya kazi nyingine, inakula gesi aliyoinunua mwenyewe, na pengine inaondoka na mteja. Ndiyo maana swali la kama anaujua ufundi wake halitoshi. Linalotakiwa kuulizwa ni katika kila kazi kumi zinazotoka mikononi mwake, ngapi hurudi, na je, anaweza kuikadiria bei ya kazi iliyofanywa kwa njia sahihi mbele ya mteja anayeilinganisha na bei ya mwenye haraka? Namba hiyo fundi anaweza kuipata akiwa bado kazini, kwa kuzifuatilia kazi zake za miezi sita iliyopita. Wachache sana huifuatilia.

Sasa watu. Nakiri kwamba hapa naandika kama mtu aliyeumwa na nyoka. Nilipoacha ajira yangu ya kwanza nilikuwa na orodha ndefu ya majina, wengi wao wakiwa wamenihakikishia kwamba nikitoka tutakuwa pamoja. Kufikia wiki ya tatu simu ilikuwa kimya. Hawakunidanganya, walikuwa wakilifahamu dawati nililokalia, na dawati lilibaki palepale likiwa na mtu mwingine.

Fundi wetu basi aandike majina yote, tuseme yanafika 60, kisha ayapitishe katika maswali matatu. Kwanza, mtu huyu anaufahamu mkono wangu au anaifahamu nembo iliyoko kwenye gari la kampuni? Dalili ni nyepesi: anapopata tatizo, hupiga simu ofisini au humtafuta fundi mwenyewe kwa jina? Pili, mtu huyu ana mamlaka ya kuidhinisha malipo, au atalazimika kumwomba mwingine? Tatu, je, hakuna kinachomzuia kunipa kazi? Swali la tatu lina pande mbili. Upande wa fundi, mkataba wake wa ajira huenda una kifungu kinachomkataza kuwachukua wateja wa mwajiri kwa kipindi fulani baada ya kuondoka, na kifungu hicho kinapaswa kusomwa neno kwa neno kabla jina lolote la mteja wa kampuni halijahesabiwa. Upande wa mteja, meneja wa jengo anayempenda sana fundi huenda haruhusiwi kumpa kazi mtu asiye na usajili wa biashara na namba ya mlipakodi, au analazimika kukusanya kotesheni za watoa huduma kadhaa kwa kila kazi. Upendo wake ni wa kweli, lakini oda haitoki.

Majina 60 yakipitishwa hapo, yakibaki saba tusishangae. Saba si wachache iwapo kila mmoja anaweza kuleta kazi mbili kwa mwezi au kumtaja fundi kwa jirani. Na wapo watu wa aina nyingine ambao huachwa nje ya orodha kwa sababu hawanunui chochote: muuza vipuri, fundi mwenzake anayeweza kumwazima pampu yake ikiharibika, na mfanyakazi wa ujenzi anayejua nyumba gani inamaliziwa lini. Muuza vipuri ndiye anayepotosha hesabu mara nyingi zaidi. Kwa miaka tisa fundi amekuwa akiingia dukani kwake, akachukua kompresa na kuondoka bila kutoa fedha, kwa hiyo anaamini kwamba anakopesheka. Kumbe aliyekuwa akikopeshwa ni kampuni, yeye akiwa mbebaji tu. Njia ya kujua ni kwenda siku moja kuomba kipuri kimoja cha bei ya kawaida kwa jina lake mwenyewe, alipe baada ya siku 30, na kusikiliza jibu. Jibu hilo lina thamani kuliko miaka yote ya kusalimiana.

Vikishapimwa vyote vitatu, viunganishwe katika hesabu moja, na hapa ndipo wazo linapoonyesha sura yake. Tuseme kila kazi, baada ya kutoa gesi, vipuri, nauli na msaidizi, inamwachia fundi sehemu moja ya ishirini ya mwezi wa nyumba. Anahitaji basi kazi 20 kwa mwezi ili nyumba isimame bila kugusa akiba. Haanzi na 20. Kwa majina saba aliyonayo anaanza na kazi nane, na tuseme zinaongezeka mbili kila mwezi, kwa hiyo anafika 20 mwezi wa saba na kubaki hapo. Kama wateja wote ni wa nyumbani na wanalipa siku ileile, pengo la mwezi wa kwanza ni kazi 12 zinazokosekana, la pili ni kumi, kisha nane, sita, nne na mbili. Jumla ni kazi 42, sawa na miezi miwili ya nyumba na kidogo. Akiba yake ya miezi kumi inaimudu safari hiyo bila wasiwasi.

Badilisha kitu kimoja tu. Idadi ya kazi ibaki ileile na ustadi uleule, lakini nusu ya kazi zitoke katika ofisi na taasisi zinazolipa siku 60 baada ya kupokea ankara. Mwezi wa kwanza anapokea malipo ya kazi nne kati ya nane, wa pili tano kati ya kumi, na mwezi wa tatu ndipo ankara za mwezi wa kwanza zinaanza kulipwa. Ukiyafuatilia mapengo hayo mwezi kwa mwezi, jumla yake inafika miezi mitatu ya nyumba na kidogo badala ya miwili, na mapato hayalingani na matumizi ya nyumba mwezi wa saba bali wa tisa. Halafu kuna fedha ambazo amekwisha kuzitoa mfukoni kununua gesi na vipuri vya kazi hizo zisizolipwa. Ikiwa vifaa vya kazi moja vinagharimu sawa na kile kinachomwachia, basi anapokuwa na ankara 20 zinazosubiri malipo, mwezi mwingine mzima wa nyumba umelala kwenye meza za wahasibu wa watu wengine. Mahitaji yake ya akiba yamepanda kutoka miezi miwili hadi minne, na hakuna mteja hata mmoja aliyemdhulumu.

Ndiyo sababu nasisitiza kwamba watu wa kikazi wasihesabiwe kwa vichwa. Mteja mkubwa anayechelewa hutumia akiba, na mteja mdogo anayelipa papo hapo huilinda. Mwenye akiba ya miezi kumi anaweza kuwachanganya wote wawili. Mwenye akiba ya miezi mitatu, hata akiwa fundi hodari kuliko huyu, hana budi kuanza na nyumba za watu na kudai malipo ya awali yanayotosha kununua vipuri kabla hajagusa bisibisi, na mkataba wa jengo la ofisi usubiri hata kama umeletwa mlangoni. Wazo kwa maneno ni moja, matengenezo ya viyoyozi, lakini kwa watu wawili wenye akiba tofauti ni biashara mbili tofauti.

Zile kazi nane za mwezi wa kwanza ndizo mhimili wa hesabu yote, na mpaka sasa ni makisio. Zinaweza kupimwa kabla ya barua ya kuacha kazi, kwa miezi mitatu ya siku za mapumziko, iwapo mkataba wa ajira unaruhusu kazi za pembeni, kwa wateja wasio wa mwajiri na kwa vifaa visivyo vya mwajiri. Sharti la vifaa ni la lazima hata pale ambapo hakuna anayechunguza, kwa kuwa jaribio linalofanywa kwa pampu ya kampuni linaficha gharama ambayo ndiyo inayopaswa kujulikana. Katika jaribio hilo fundi aandike mambo manne kwa kila kazi: nani aliyeileta, muda kuanzia simu ya kwanza hadi fedha mkononi, kiasi kilichobaki baada ya gharama, na kama kazi ilirudi. Tuseme amefanya kazi 17. Akigundua kwamba 11 kati ya hizo zimeletwa na mtu mmoja, amejua kwamba hana majina saba. Ana jina moja, na mtu huyo akihama mji hesabu inaanguka. Akigundua kwamba tatu zimerudi, kila kazi inamwachia kidogo kuliko alivyodhani, na kazi 20 alizozihitaji huenda ni 24. Kwa siku za wiki alizonazo, na kazi ya kweli ikiwa ni ya saa kadhaa pamoja na safari, 24 zinaweza kukosa nafasi, na hapo tatizo limehama kutoka kwa wateja na kuwa la bei.

Linabaki jambo la mstari wa kusimama, ambalo linafaa kuandikwa wakati mtu bado ana mshahara, maana akishakuwa ndani ya biashara hataliandika kwa haki. Fundi wetu anajua kwamba kutafuta ajira mpya kunaweza kumchukua miezi minne. Kwa hiyo akiba ikishuka hadi miezi minne ya nyumba, mbali na ile miwili ya dharura, anaanza kutafuta kazi siku hiyo, hata kama mteja mkubwa ameahidi kulipa wiki ijayo. Ana miezi sita ya kutumia, si kumi, na mpango wenye nusu ya wateja wa taasisi unakula minne kati ya hiyo, kwa hiyo nafasi aliyonayo kwa makosa ni miezi miwili tu. Ankara za siku 60 zikianza kulipwa baada ya siku 120, nafasi hiyo inaisha yote, na hilo ataliona mapema katika daftari lake la jaribio kwenye safu ya muda kati ya simu na fedha. Ikiwa safu hiyo inaonyesha kwamba taasisi pekee iliyompa kazi ndani ya miezi mitatu bado haijalipa, barua ya kuacha kazi inarudi mfukoni, na Jumamosi inayofuata anakwenda kwenye nyumba za watu.